Kinanda cha mtumba ni shilingi ngapi? Anza na bei ya kizima, kisha shuka

Muuzaji wa kinanda kilichotumika huanza hesabu pale alipoanzia yeye. "Nilikinunua laki nane na nusu, kaka, nakuachia kwa laki tano na ishirini." Mnunuzi naye huanza na kilichomo mfukoni. Wakivutana hivyo, bei itaamuliwa na yule mwenye shida zaidi siku hiyo, na kinanda chenyewe hakitakuwa kimeulizwa kitu.

Ipo njia ya kukiuliza. Kwanza unatafuta bei ya kinanda cha aina ileile, kilichotumika, ambacho ni kizima na kimekamilika. Kisha unashuka kutoka hapo kwa gharama ya kukifikisha hiki kilicho mbele yako kwenye hali hiyo: spea, mkono wa fundi, nauli, na fungu la hatari kwa mambo usiyoweza kuyaona. Kinachobaki ni haki kwa wote wawili, kwa sababu muuzaji angeweza kugharamia matengenezo hayo mwenyewe na kuuza kwa bei ya kizima, na wewe ungeweza kwenda kununua kizima kwa mtu mwingine.

Kutoa na kujumlisha hakumshindi mtu. Kazi iko kwenye kujua kasoro ipi inagharimu nini, maana zipo kasoro za kutisha ambazo fundi huzimaliza kwa dakika kumi, na kipo kitu kidogo kinachokosekana ambacho kimeshika bei yote. Nitapita na kinanda kimoja hadi mwisho, halafu niligeukie gitaa, kwa sababu gitaa lina tabia zake.

Kinanda chetu ni Yamaha PSR-E363, kile cha funguo 61 ambacho kilitoka 2018 na baadaye kikarithiwa na E373. Vya jamii hii utavikuta kwenye kwaya nyingi na kwa wanaojifunza nyumbani. Muuzaji yuko Dar es Salaam, anataka Sh 520,000. Adapta haipo, kishikio cha karatasi za nyimbo hakipo, ufunguo mmoja hautoi sauti, mwingine unapiga kelele kuliko wenzake, na kitufe cha kuzungusha sauti kinakwaruza. Bei nitakazotaja ni za mfano. Weka za soko lako la siku hiyo, mpangilio wa hesabu utabaki uleule.

Bei ya kizima inatoka wapi

Bei ambayo muuzaji alinunulia iache. Huenda alipunjwa, huenda alipewa na shemeji yake aliyetoka Dubai; hayo hayakihusu kinanda. Angalia matangazo ya mtandaoni na kwenye makundi ya wanamuziki, ukikumbuka kwamba bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni ombi. Tangazo la kinanda cha Sh 650,000 ambalo limekaa miezi minne linakuambia jambo moja tu: kwa bei hiyo hakuna aliyekitaka. Wenye habari za kweli ni walionunua. Waulize wapiga vinanda wawili watatu walitoa ngapi, lini, na kilikuja na nini.

Tuseme umefika Sh 500,000 kwa E363 safi, yenye adapta na kila kitu chake. Kabla hujaishika namba hiyo, pita dukani Kariakoo uulize mpya ya aina inayofanana nayo. Kama mpya ni Sh 850,000, basi dari yako ipo. Mimi huona kwamba bei ya mtumba ukijumlisha na matengenezo yake ikikaribia robo tatu ya bei ya mpya, ni afadhali kungoja na kuongeza. Ile robo inayobaki ndiyo inayolipia dhamana ya dukani na uhakika kwamba hakuna aliyemwagia soda juu yake.

Katika hiyo 500,000 umri tayari umo. Vinanda vyote vya 2018 vina umri huo, na soko limeshaushusha. Mnunuzi anayesema "hiki ni cha zamani" halafu anataka apunguziwe tena kwa uzee anakata mara mbili kitu kimoja. Mikwaruzo ya kawaida ya kubebwa na kushushwa iko humohumo. Kinachokatwa ni kile ambacho vinanda vingine vya umri huo havina.

Adapta isiyokuwepo

"Adapta tu ndiyo haipo, utanunua." Sentensi hiyo ni ya kweli mara nyingi. Adapta ya kinanda hiki ni ya volti 12, na ya kufaa utaipata kwa kama Sh 35,000. Lakini adapta inapokosekana kinachokosekana zaidi ni jaribio. Kinanda kisichowaka mbele yako hakina bei ya kizima wala bei ya kibovu. Kina bei ya spea mpaka kithibitishe vinginevyo.

Tena adapta hizi mara nyingi hazipotei peke yake. Mtu huchukua adapta ya redio au ya kisimbuzi inayoingia vizuri kwenye tundu, anachomeka, kinanda kinazima moja kwa moja, kisha adapta "inapotea". Karibu na tundu la umeme pana mchoro mdogo: duara lenye kitone katikati, na alama za kujumlisha na kutoa. Unaonyesha kama chanya iko ndani ya kichwa cha waya au nje. Yamaha wa jamii hii wana chanya katikati. Vinanda vingi vya zamani vya Casio ni kinyume chake, hasi ndiyo iko katikati, na baadhi ni vya volti 9. Adapta ya kufaa ina volti zilezile, uelekeo uleule, na ampea sawa au zaidi ya zilizoandikwa. Ampea zikizidi hakuna tatizo, kinanda kitachukua kinachohitaji. Volti zikizidi au uelekeo ukigeuka, hapo ndipo bodi inapoungua.

Kwa hiyo nenda na betri. E363 inakula betri sita za AA, ambazo zinapatikana duka lolote la mtaani, na kwa gharama yake ndogo unanunua jibu la swali la laki kadhaa. Ukiweza, nenda pia na adapta sahihi ya kuazima, maana majibu ya njia hizi mbili yakitofautiana yanakuambia kitu. Kinanda kikiwaka kwa betri kikakataa adapta iliyo sahihi, mara nyingi ni tundu la umeme lililolegea kwenye bodi, na hiyo ni kazi ndogo ya kuchomelea kwa risasi. Kikiwaka kwa adapta kikakataa betri, fungua kifuniko cha betri utazame vyuma: ukiona unga mweupe au ukungu wa kijani, betri ziliachwa zikavujia humo. Kama unga umeishia kwenye vyuma, ni kusafisha tu. Kama umefuata waya kwenda ndani, usikubali bei yoyote ya kizima kabla fundi hajafungua.

Kuna kasoro moja ya umeme isiyoonekana kwenye kinanda cha E363 lakini inaua vinanda vikubwa vya mtumba. Vile vinavyochomekwa ukutani moja kwa moja bila adapta, vikitoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Umeme wetu ni 230. Soma kibandiko cha nyuma. Kinanda cha namna hiyo kinahitaji transfoma ya kushusha umeme maisha yake yote, na gharama ya transfoma hiyo, pamoja na hofu ya siku ambayo mtu wa kwaya atachomeka bila kuuliza, ni halali kukatwa kwenye bei.

Ufunguo uliokufa na ufunguo unaopiga kelele

Kinanda kimewaka. Sasa funguo zenyewe, na hapa usikubali kupigiwa wimbo. Muuzaji anayekijua kinanda chake hupiga wimbo ambao haupiti kwenye ufunguo mbovu, na midundo ya kinanda hufunika mengine. Zima midundo, chagua sauti ya piano, hakikisha mguso wa funguo umewashwa, yaani kupiga polepole kutoe sauti ndogo na kupiga kwa nguvu kutoe kubwa. Kisha pita ufunguo mmoja mmoja kutoka kushoto hadi kulia, weupe na weusi, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Dakika tano zinatosha. Kinanda kisipotofautisha kupiga polepole na kwa nguvu hata baada ya kuwasha mguso, soma tena jina lake: E263 na E273 vinafanana nacho kwa umbo lakini havina uwezo huo, na bei ya kizima chao ni nyingine.

Ili ujue utakachosikia kina maana gani, tazama kilichopo chini ya ufunguo. Pana mpira laini wenye vitone vyeusi vya kaboni viwili. Unapobonyeza, kitone cha kwanza kinagusa bodi, na sekunde ndogo mno baadaye kinagusa cha pili. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili: muda mfupi maana yake umepiga kwa nguvu, muda mrefu maana yake umepiga taratibu. Vumbi, mafuta ya vidole au nywele ikikaa kwenye kitone kimoja, kipimo hicho kinaharibika. Ufunguo unaweza kunyamaza kabisa, au ukapiga kwa sauti ya juu kabisa hata ukiugusa kwa unyoya.

Hivyo ule ufunguo unaopiga kelele, ambao muuzaji anauona ni jambo dogo, na ule uliokufa, ambao anauonea aibu, huenda ni ugonjwa mmoja wa uchafu. Fundi anafungua kinanda, anatoa mipira, anafuta vitone na bodi kwa pamba yenye alkoholi safi isiyo na mafuta, anaacha vikauke, anafunga. Kusugua kwa nguvu au kwa msasa kunaondoa kaboni, na hapo uchafu uliokuwa unatibika unageuka mpira wa kununua. Mipira hii huja kwa vipande vinavyobeba funguo kumi na mbili au zaidi kwa pamoja, na kwa kawaida inaagizwa kutoka nje.

Kabla ya kukubali kwamba ni uchafu, tazama funguo mbovu zimekaa vipi. Kinanda hakina waya wa kila ufunguo kwenda kwenye bodi kuu. Funguo zimepangwa kwa makundi yanayotumia njia za pamoja, na kinanda huzipitia njia hizo kwa zamu haraka mno kuuliza nani amebonyezwa. Njia moja ikikatika, funguo zinazoitumia zote zinanyamaza, na mpangilio wa ukimya wao unakuwa na utaratibu: kila baada ya hesabu ileile ya funguo pana mmoja aliyekufa, au kundi zima la funguo zilizofuatana limezimika. Vumbi halina utaratibu wa namna hiyo. Ukiona mpangilio, fikiria waya bapa uliochomoka au bodi iliyoliwa na kimiminika. Waya uliochomoka ni kazi ya dakika. Bodi iliyoliwa ni kazi ya kuunganisha njia moja moja, ambayo mafundi wengi hawaikubali na wanaoikubali hawatoi ahadi. Kutoka nje huwezi kuzitofautisha hizo mbili, isipokuwa funguo zikinata au ukaona doa la soda limekauka ukingoni.

Kwenye kinanda chetu funguo mbovu ni mbili, zimekaa mbalimbali, hazina mpangilio, na hazinati. Dalili ni za uchafu.

Yapo mambo mengine mawili ya kujaribu ambayo huonekana makubwa kuliko yalivyo. Spika zikiwa kimya kabisa huku kinanda kinawaka, chomeka vipokea sauti vya masikioni. Sauti ikitoka humo, tatizo mara nyingi ni tundu la vipokea sauti lenyewe, ambalo lina swichi ndogo ya kunyamazisha spika na imebaki imenasa. Fundi atalisafisha au kulibadilisha kwa pesa ndogo, lakini nimeona watu wakipunguziwa laki nzima kwa kasoro hiyo. La pili ni pedali ya kurefusha sauti. Ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inarefuka ukiondoa mguu, zima kinanda, ondoa mguu, washa tena. Vinanda vingi husoma hali ya pedali wakati wa kuwaka, na mtu aliyekanyaga wakati huo hukipotosha. Isipobadilika, ni pedali ya kampuni nyingine yenye swichi ya kinyume. Hiyo si kasoro ya kinanda hata kidogo.

Hesabu yenyewe

Tunaanzia 500,000. Adapta inatoa 35,000. Kishikio cha karatasi kinatoa 15,000, na hapa niseme kwamba seremala anaweza kutengeneza cha mbao kwa hiyo pesa au chini yake, kwa hiyo muuzaji asikubali kukatwa bei ya kuagiza cha plastiki kutoka nje. Gharama ya kitu kinachokosekana ni ile ndogo kabisa inayoweza kuziba pengo kwa heshima, mahali ulipo.

Kufungua na kusafisha mipira, fundi anataka 40,000. Kitufe cha sauti kinachokwaruza kingegharimu karibu na hiyo kama kingekuwa peke yake, kwa sababu kazi kubwa ni kufungua. Lakini kinanda kitakuwa tayari kimefunguliwa, hivyo nyongeza ni 10,000 ya kupuliza dawa ya kusafishia na kukizungusha. Wanunuzi wengi hupenda kuorodhesha kasoro tano na kudai bei tano za kufungua. Muuzaji anayejua atakataa, na ana haki.

Mpaka hapo tumefika 400,000. Toa 10,000 ya nauli ya kwenda na kurudi kwa fundi, imebaki 390,000.

Sasa hatari. Dalili ni za uchafu, lakini huenda kaboni imekwisha na mpira utahitaji kuagizwa. Tuseme kipande cha mpira, usafirishaji na kazi ya ziada ni 70,000, na fundi wako anasema kwa uzoefu wake kati ya vinanda vitatu vya namna hii kimoja kitahitaji mpira. Theluthi ya 70,000 ni kama 23,000, fanya 25,000. Kukata 70,000 yote ni kumlipisha muuzaji ugonjwa ambao pengine haupo, na kutokata chochote ni kuubeba wewe peke yako. Bei ya haki ni 365,000.

Muuzaji alisema 520,000. Tofauti ya 155,000 inatisha ukiitaja kwa mkupuo, kwa hiyo usiitaje hivyo. Mpitishe kwenye safari ileile, ukianza na 500,000 ambayo ataikubali kwa sababu iko karibu na yake. Akikataa 365,000, pendekezo lingine ni la haki vilevile: mnakubaliana 390,000, unampa 320,000 leo na kuondoka na kinanda, na ile 70,000 unamlipa muuzaji baada ya fundi kufungua na kuona kusafisha kumetosha. Kama mpira umekwisha, 70,000 inabaki kwako kununulia mpira. Hapo hakuna anayebahatisha. Muuzaji mwenye uhakika na kinanda chake hupenda mpango huu kwa sababu unamwachia 25,000 zaidi. Asiyeupenda huwa anajua kitu, au anasafiri kesho, muulize lipi. Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, na fundi awe mmoja ambaye wote mnamkubali.

Begi na stendi anazokuongezea zihesabu kwa bei ambayo wewe ungezinunulia kama zilivyo, iwapo ulikuwa unazihitaji. Kama una stendi nyumbani, ya kwake ni sifuri kwako, naye yuko huru kuiuza kwingine.

Na kama kinanda kimenyamaza funguo kwa mpangilio, hesabu yote ya juu inavunjika. Usianze na 500,000 ukakata bei ya matengenezo yasiyo na ahadi. Anza chini: spika, funguo, kioo cha maandishi na plastiki za kinanda hiki fundi angevinunua kwa ngapi kwa ajili ya vinanda vingine? Kama ni 120,000, hiyo ndiyo bei, na kikitengenezeka faida ni ya aliyebeba hatari.

Gitaa: vinavyokosekana ni rahisi, kinachopinda ni ghali

Kwenye gitaa kavu, lile ambalo wazee bado huliita galatoni, macho ya mnunuzi huenda kwenye vilivyokosekana. Nyuzi mbili hazipo, sikio moja la kukazia limevunjika, vibanio vya nyuzi kwenye daraja, kile kipande cha mbao juu ya mwili kinachoshika nyuzi, vimebaki vinne. Vyote hivyo ni rahisi. Seti ya nyuzi, seti nzima ya masikio na vibanio sita havifiki Sh 50,000 kwa pamoja vikiwa vya kawaida. Masikio nunua seti nzima: moja peke yake halipatikani kirahisi, na matundu ya skrubu ya aina tofauti hayalingani.

Bei ya gitaa imo kwenye umbali kati ya nyuzi na shingo. Pima juu ya freti ya 12, yaani chuma cha kumi na mbili kinachokata shingo ukihesabu kutoka kichwani: kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2 hadi 3 ni kawaida kwa gitaa la nyuzi za chuma. Tuseme unakuta 5. Gitaa hilo linaumiza vidole, na kila noti ya juu inapanda kwa sababu unaivuta sana unapoibonyeza. Swali la bei ni kwa nini nyuzi zimeinuka hivyo.

Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mwingine, halafu tazama karibu na freti ya saba. Uzi uliokazwa hivyo ni rula iliyonyooka. Pengo likiwa jembamba kama kadi ya karatasi, shingo iko sawa. Likiwa pana, shingo imepinda mbele, na hapo unauliza kama gitaa lina fimbo ya chuma ndani ya shingo: chungulia kwenye tundu la mwili au chini ya kifuniko kidogo cha kichwani utafute kichwa cha nati. Likiwa nayo na inazunguka bila kukwama, marekebisho ni kazi ndogo ya fundi. Likiwa halina, upindo huo ni wa kudumu.

Kama shingo imenyooka na nyuzi bado ziko juu, angalia kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja. Kukikwangua milimita 2 kunashusha nyuzi milimita 1 tu kwenye freti ya 12, kwa sababu freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi. Kutoka 5 hadi 2.5 unahitaji kukwangua milimita 5. Pima kilichobaki juu ya mbao ya daraja. Kama kinachungulia milimita 2 tu, hesabu haiwezekani. Ubao wa mbele umevimba au shingo imeinuka kutoka kwenye kiungo chake, na kuing'oa shingo na kuipanga upya ni kazi inayozidi bei ya magitaa mengi ya madukani.

Chanzo cha kawaida cha ugonjwa huu kwetu kinajulikana. Gitaa limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni, ambazo kwa pamoja huvuta kama kilo 40. Nyuzi zikaisha, mwenye nalo akakuta dukani za chuma peke yake, akazifunga. Za chuma zile nyepesi huvuta zaidi ya kilo 70. Gitaa likavumilia miezi, kisha daraja likaanza kuinuka kwa nyuma. Tambua gitaa la nailoni kwa kichwa chenye matundu mawili marefu yaliyotobolewa katikati, shingo pana, na daraja ambalo uzi unafungwa fundo badala ya kuchomekewa kibanio. Ukilikuta limevishwa chuma, ingiza karatasi nyembamba nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia, gundi imeachia. Daraja lililoachia bila kuvunja mbao linaweza kurudishiwa gundi na fundi mzuri, mradi nyuzi za nailoni zirudi nazo.

Kwa gitaa kavu ambalo likiwa zima lingeuzwa 130,000, lenye nyuzi mbili pungufu na sikio moja lililovunjika, lakini shingo iko sawa na nyuzi ziko milimita 2.5, kukata 45,000 ya vipuri kunatosha na 85,000 ni haki. Pacha wake aliyekamilika, masikio yote yanang'aa, nyuzi mpya kabisa, lakini yuko kwenye milimita 5 na mfupa wa daraja umebaki milimita 2, hafai kufika 40,000. Pesa hiyo ni ya masikio, nyuzi na begi, pamoja na chodi chache za kwanza, zile zinazopigwa freti tatu za chini ambako uzi bado uko karibu na shingo.